Kwa Nini Hisa ya Dola 95 Iliuzwa kwa 82

Jumanne tarehe 18 Januari 2022, kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba itainunua Activision Blizzard, watengenezaji wa mchezo wa Call of Duty, kwa dola 95 taslimu kwa kila hisa. Mkataba ulikuwa umetiwa saini, bodi za pande zote mbili zimekubali, na mnunuzi alikuwa na fedha tele kiasi kwamba hakuna aliyeuliza zitatoka wapi. Jumla yake ilikuwa dola bilioni 68.7. Siku hiyo hiyo, soko lilipofungwa New York, hisa ya Activision iliuzwa kwa dola 82.31.

Hapo pana dola 12 na senti 69 za kuelezwa. Mtu mwenye hisa ameahidiwa 95 na kampuni tajiri kuliko nyingi duniani, naye anaiuza kwa 82. Si mjinga, na aliyeinunua kwake si mwizi. Katikati ya bei hizo mbili kuna biashara nzima ambayo watu wa masoko ya fedha huiita abitraji ya miungano, nayo ni tawi la uwekezaji unaofuata matukio. Kuna wanaofuata kampuni inayogawanyika, na kuna wanaofuata kampuni inayofilisika na madeni yake kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hawa wa miungano wao wanasubiri tukio moja tu, yaani mnunuzi alipe alichoahidi.

Aliyekulia Mtwara au Lindi ataelewa upesi nikimkumbusha kangomba. Mkulima ana korosho, anajua kwamba mnada ukifika atapata bei nzuri, lakini ada ya shule inadaiwa leo. Anatokea mtu mwenye pesa mkononi, ananunua kwa bei ya chini, kisha yeye ndiye anayesubiri mnada. Kangomba imepigwa marufuku, na kwa sababu za haki, maana mkulima hupunjwa kwenye kipimo na kwenye bei asiyoijua. Katika soko la hisa muuzaji anajua kila kitu ambacho mnunuzi anakijua. Bei ya ofa imeandikwa magazetini. Lakini kiini ni kilekile. Mmoja anataka pesa yake leo na hataki tena wasiwasi, na mwingine anakubali kukaa na mali hiyo mpaka siku ya malipo, pamoja na hatari kwamba siku hiyo haitafika.

Wauzaji wa siku ya kwanza mara nyingi ni mifuko ya pensheni na mifuko ya kawaida ya hisa. Meneja aliyenunua Activision kwa sababu aliipenda biashara ya michezo ameona hisa yake ikiruka kutoka dola 65.39 hadi 82.31 kwa usiku mmoja. Ameshapata chake. Kazi yake haikuwa kusoma sheria za ushindani za Uingereza, wala hana haja ya kufungia fedha za wateja mwaka mzima na nusu akisubiri dola nyingine kumi na mbili. Anauza. Anayenunua ni yule ambaye kusoma sheria hizo ndiyo kazi yake.

Pengo la Activision lilikuwa kubwa kuliko kawaida. Nianze na dogo, maana ndilo la kila siku na ndilo linalowadanganya wengi. Tuseme kampuni fulani imepata ofa ya dola 50 taslimu, na hisa yake inauzwa dola 49. Muungano unatarajiwa kukamilika baada ya miezi minne. Kabla ya ofa hisa ilikuwa dola 38.

Ukinunua kwa 49 ukalipwa 50, umepata asilimia 2 na kidogo. Kwa hesabu ya mwaka ni kama asilimia 6. Inapendeza, mpaka uulize fedha hiyo hiyo ingefanya nini pengine. Ikiwa dhamana za serikali ya Marekani za muda mfupi zinalipa asilimia 5 kwa mwaka, basi dola 49 zikikaa serikalini miezi minne zitazaa senti 82 bila kukosa usingizi. Kwa hiyo kati ya senti 100 za pengo lile, senti 82 ni malipo ya kusubiri, ambayo yeyote angeyapata. Malipo ya kubeba hatari ni senti 18 tu.

Sasa weka senti hizo 18 kando ya hasara. Dili ikivunjika na hisa ikarudi ilikotoka, yaani 38, umepoteza dola 11. Ili senti 18 zitoshe kufidia uwezekano wa kupoteza dola 11, dili lazima iwe na nafasi ya kukamilika isiyopungua asilimia 98 na nusu. Soko, kwa kuiuza hisa ile dola 49, linadai kwamba katika dili mia za namna hii hazitavunjika hata mbili. Anayetazama pengo bila kutoa gharama ya muda atafanya hesabu nyingine: atagawa dola 11 kwa dola 12 zilizo kati ya 38 na 50, apate asilimia 92, kisha aseme kwamba soko lina hofu kupita kiasi. Halina. Yeye ndiye aliyesahau kwamba fedha iliyokaa ina gharama.

Ndiyo maana riba za benki kuu zikipanda, mapengo haya hupanuka hata kama hakuna dili iliyopata matatizo, na zikishuka hujibana. Anayelinganisha mapengo ya mwaka 2021, riba zilipokuwa karibu na sifuri, na ya mwaka 2023, riba ya Marekani ilipofika kati ya asilimia 5.25 na 5.50, asipoitoa riba kwanza atadhani hatari imeongezeka, kumbe kilichoongezeka ni bei ya kusubiri.

Hesabu hii ina namba tatu: bei ya ofa, bei ya soko, na bei ambayo hisa itaangukia dili ikifa. Mbili za kwanza zinaonekana kwenye skrini. Ya tatu haionekani popote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Wanaoanza kazi hii huchukua bei ya jana yake kabla ya tangazo na kuendelea. Activision inaonyesha kwa nini huo ni uvivu.

Siku ya tangazo, ukichukua 65.39 kuwa bei ya kuangukia, hesabu inasema hivi. Kutoka 65.39 hadi 95 ni dola 29.61. Kutoka 65.39 hadi 82.31 ni dola 16.92. Gawa ya pili kwa ya kwanza, unapata asilimia 57. Yaani soko lilikuwa linasema dili hii ina nafasi ya kukamilika inayozidi nusu kidogo. Riba wakati ule zilikuwa chini, kwa hiyo muda haukula sehemu kubwa, ingawa Microsoft ilikuwa imesema mapema kwamba shughuli ingeweza kuendelea mpaka katikati ya mwaka 2023.

Asilimia 57 kwa mnunuzi mwenye fedha zote ni kiwango cha chini sana. Katika soko la Marekani, zaidi ya asilimia 90 ya mikataba iliyotiwa saini hukamilika. Hofu haikuwa juu ya wanahisa, ambao mwezi Aprili 2022 walipiga kura na zaidi ya asilimia 98 wakaikubali. Hofu ilikuwa Washington, London na Brussels. Microsoft ndiyo yenye Xbox, na swali la mamlaka za ushindani lilikuwa kama itaufungia Call of Duty isichezwe kwenye PlayStation ya Sony, na kama itahodhi biashara changa ya michezo inayochezwa moja kwa moja kupitia intaneti bila mashine maalumu.

Tarehe 30 Aprili 2022, Warren Buffett aliwaambia wanahisa wake wa Berkshire Hathaway kwamba wanamiliki karibu asilimia 9.5 ya Activision. Sehemu ilinunuliwa na mmoja wa mameneja wake kabla ya ofa, na sehemu kubwa aliinunua mwenyewe baada ya ofa, kwa ajili ya pengo lile. Wengi waliposikia hivyo walidhani mzee anajua jambo. Pengo halikuzibika. Mwaka huo soko la teknolojia lilianguka, Nasdaq ikapoteza karibu theluthi ya thamani yake, na kila hisa nyingine ya michezo iliposhuka, ile bei ya kuangukia ya Activision nayo ilishuka kimyakimya pamoja nazo. Desemba 8, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikafungua mashauri kuizuia dili. Hisa ikawa inauzwa karibu na dola 75. Pengo sasa lilikuwa kama dola 20, kubwa kuliko siku ya kwanza.

Mwanzoni mwa 2023 mambo yalianza kulegea. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilitangaza Machi kwamba imeacha hoja yake kuhusu mashine za kuchezea, ikabaki na ile ya michezo ya kupitia intaneti. Hisa ikapanda mpaka kufikia kama dola 87. Kisha Jumatano tarehe 26 Aprili Waingereza wakaizuia dili yote kwa hoja hiyo iliyobaki. Kwa siku moja hisa ikapoteza zaidi ya asilimia 11, ikatua karibu na dola 77.

Hapa tusimame kidogo, maana siku hiyo moja inafundisha zaidi ya miezi yote iliyotangulia. Mamlaka ya nchi kubwa imesema hapana. Kwa wengi dili ilikuwa imekufa. Kama bei ya kuangukia ilikuwa 65, mbona hisa ilisimama 77? Kuna njia mbili za kulisoma jambo hili.

Ya kwanza: soko bado lilikuwa na matumaini mengi. Kutoka 65 hadi 95 ni dola 30, hisa iko 77, yaani dola 12 juu ya shimo. Nafasi ya kukamilika ni asilimia 40. Ukiamini hivyo, na wewe unaona kwamba Waingereza hawatabadili uamuzi, utasema hisa iko juu mno na kukaa mbali nayo.

Ya pili: shimo lenyewe lilikuwa limepanda. Ile 65 ya Januari 2022 ilikuwa bei ya kampuni iliyo matatani. Mwaka 2021 jimbo la California lilikuwa limeishitaki Activision kwa madai ya unyanyasaji na ubaguzi dhidi ya wafanyakazi wanawake, na hisa ikadidimia. Miezi kumi na tano baadaye kampuni ilikuwa imetoa Call of Duty mpya iliyouzwa vizuri sana, na ilikuwa na akiba kubwa ya fedha taslimu. Zaidi ya hapo, mkataba ulisema kwamba Microsoft ikishindwa kupata vibali italipa fidia ya hadi dola bilioni 3, ambazo kwa hisa moja ni kama dola 3.80 kabla ya kodi. Ukiweka hayo yote pamoja, mtu angeweza kusema kwa haki kwamba Activision bila Microsoft ilikuwa na thamani ya dola 72. Basi kutoka 72 hadi 95 ni dola 23, hisa iko dola 5 juu ya shimo, na nafasi ya kukamilika inayosomeka ni asilimia 22 tu.

Bei ni moja, 77, na inasomeka asilimia 40 au asilimia 22 kutegemea namba ambayo hakuna anayeweza kukuonyesha. Anayesema "soko linaona nafasi ya asilimia kadhaa" bila kutaja bei ya kuangukia aliyoitumia hajakwambia kitu. Aliyenunua kwa 77 kwa kusoma njia ya pili hakuhitaji kuwa na uhakika kwamba dili itapita. Alihitaji kuamini mambo mawili: kwamba akikosea atapoteza dola 5, na kwamba akipatia atapata 18. Kwa mizani hiyo hata aliyeona nafasi moja katika tatu angenunua.

Yaliyofuata yanajulikana. Mei 15 Umoja wa Ulaya ukaikubali dili kwa masharti. Jumanne Julai 11, Jaji Jacqueline Scott Corley wa San Francisco akakataa ombi la tume ya Marekani la kuisimamisha, na hisa ikapanda asilimia 10 siku hiyo, hadi karibu dola 91. Tarehe ya mwisho ya mkataba ilikuwa Julai 18, na ikafika kabla Waingereza hawajakubali. Pande mbili zikaisogeza hadi Oktoba 18, Microsoft ikakubali kupandisha fidia hadi bilioni 4.5 kadiri siku zinavyokwenda, na wanahisa wa Activision wakapewa gawio la senti 99 kwa kuendelea kusubiri. Agosti Microsoft ikakubali kuiachia kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft haki za kuchezesha michezo ya Activision kupitia intaneti, na hoja ya Waingereza ikaishiwa pumzi. Dili ilifungwa Ijumaa tarehe 13 Oktoba 2023.

Aliyenunua siku ya kwanza kwa 82.31 alipata 95, pamoja na gawio la senti 47 la mwaka 2022 na lile la senti 99. Faida ya dola 14.15 kwa karibu miezi 21, kama asilimia 17 kwa muda wote, au chini kidogo ya asilimia 10 kwa mwaka. Si haba, ila njiani alipita kwenye 75 na 77 huku kila gazeti likimwambia amepotea. Aliyenunua kwa 77 siku ya mshtuko alipata karibu asilimia 25 kwa chini ya miezi sita. Buffett mwenyewe alikuwa amekwisha uza sehemu kubwa ya hisa zake kabla ya mwisho.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kama cha ushindi. Mimi nakitumia kuonyesha kazi ilivyo. Aliyefanikiwa hakutabiri jaji. Alisoma mkataba. Mikataba ya kampuni za soko la hisa la Marekani huwekwa hadharani kwenye tovuti ya mamlaka ya mitaji ya nchi hiyo, na mtu yeyote aweza kuisoma Dodoma kama anavyoisoma New York. Ukurasa unaotafutwa kwanza ni ule wa masharti ya kufunga: ni vibali vya nchi gani lazima vipatikane, na ni vipi visivyo lazima. Kisha tarehe ya mwisho, na kama inajisogeza yenyewe. Kisha fidia, nani anamlipa nani na kwa sababu gani. Mwisho, kifungu kinachosema kama mahakama inaweza kumlazimisha mnunuzi amalizie dili, au muuzaji ataambulia fidia tu.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichoamua kisa cha Twitter. Elon Musk alitia saini Aprili 2022 kununua kwa dola 54.20, na Julai akaandika barua ya kujitoa. Hisa ilianguka hadi 32.65 ikifunga Julai 11, pengo la zaidi ya dola 21, kana kwamba barua ya mnunuzi inatosha kuua mkataba. Waliokuwa wameusoma walijua kwamba ile fidia ya dola bilioni 1 haikuwa mlango wa kutokea, na kwamba mahakama ya Delaware ingeweza kumwamuru alipe bei yote. Twitter ilifungua kesi, tarehe ya kusikilizwa ikapangwa Oktoba, na wiki mbili kabla yake Musk akarudi kwenye 54.20. Akalipa mwishoni mwa mwezi huo.

Lakini usiondoke na picha kwamba pengo kubwa ni bahati iliyofichwa. Visa hivi viwili vinakumbukwa kwa sababu viliishia vizuri. Kwa kawaida faida ya kazi hii hutoka kwenye mapengo yale madogo ya dola moja moja, na hasara hutoka kwenye dili chache zinazovunjika, moja ikila faida ya kumi. Ndiyo maana wenye mifuko hii hushika dili thelathini au hamsini kwa mpigo na hawaweki fungu kubwa kwenye moja. Wanafanana na kampuni ya bima kuliko wawekezaji wa hisa: wanakusanya ada ndogo kwa watu wasiotaka hatari, kisha wanalipa kwa kishindo ajali ikitokea.

Na kama bima, wana ajali zinazokuja kwa pamoja. Watafiti Mark Mitchell na Todd Pulvino walipima dili za Marekani kuanzia mwaka 1963 hadi 1998, matokeo yakatoka mwaka 2001. Waliona kwamba soko likiwa tulivu au likipanda, faida ya biashara hii haiendi na soko. Lakini soko likianguka vibaya, nayo huanguka. Sababu si ngumu. Soko likiporomoka, wakopeshaji hurudi nyuma, wanunuzi hutafuta kisingizio cha kujitoa, na ile bei ya kuangukia inashuka kwa kila dili wakati mmoja. Machi 2020, korona ilipotikisa masoko, mapengo ya dili ambazo hazikuwa na tatizo lolote yalipanuka kwa siku chache, kwa sababu mifuko iliyokuwa imekopa ililazimika kuuza. Anayekuuzia biashara hii kwa kusema "haitegemei soko" amekwambia nusu ya kweli, nusu ile inayofaa siku za jua.

Nyumbani je? Soko la Dar es Salaam na la Nairobi ni dogo, na dili kama hizi hazitokei kila mwezi. Hata hivyo hatuko mbali na mambo haya. Oktoba 2021, Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani na mmiliki mkuu wa Twiga Cement, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, watengenezaji wa Simba. Tume ya Ushindani iliikubali kwa masharti, lakini Septemba 2022 Baraza la Ushindani likaifuta idhini hiyo. Yeyote aliyekuwa akihesabu kwamba kibali kikishatoka mambo yamekwisha alijifunza kwamba Tanzania nayo ina chombo cha juu ya tume, na kwamba mshindani au mlaji anaweza kukata rufaa. Simba iliishia mikononi mwa kundi la Amsons.

Amsons haohao walivuka mpaka. Julai 2024 walitoa ofa kwa wanahisa wa Bamburi Cement ya Kenya, shilingi 65 za Kenya kwa hisa iliyokuwa ikiuzwa karibu 45. Mwishoni mwa Agosti akaja mshindani, Savannah Clinker, na ofa ya shilingi 70, baadaye akapandisha hadi 76.55. Hapa hesabu hugeuka. Mshindani akitokea, hisa yaweza kuuzwa juu ya ofa ya kwanza, na pengo likawa hasi: anayenunua kwa 67 hasubiri 65, anacheza kamari kwamba vita ya ofa itaendelea. Namba ya kuangukia sasa si 45, ni 65, mradi mnunuzi wa kwanza bado yupo.

Lakini Bamburi ilikuwa na jambo lililopaswa kumtuliza kila mcheza kamari. Holcim ya Uswisi, kupitia kampuni zake mbili, ilikuwa na asilimia 58.6 ya hisa, na ilikuwa imekwisha kukubaliana na Amsons. Mnunuzi mwingine, hata angetoa shilingi mia, asingepata umiliki bila Holcim kubadili msimamo. Bei ya juu iliyotolewa na mtu asiyeweza kufunga dili haifai kuingizwa kwenye hesabu kama bei ya ofa. Ni matumaini yaliyoandikwa kwa namba. Novemba Savannah ilijiondoa. Ofa ya Amsons ilifungwa Desemba 5 ikiwa imekubaliwa na wenye asilimia 96 na ushei ya hisa, na waliokuwa wameota 76.55 walilipwa 65.

Kwa msomaji mwenye hisa kidogo Nairobi au Dar, ushauri wangu ni mfupi. Pengo la asilimia 2 katika masoko yetu si la kukimbilia, kwa kuwa kamisheni ya dalali na tozo za soko zaweza kulimaliza lote kabla hujaanza kusubiri, na hisa chache huuzwa kwa siku kiasi kwamba dili ikivunjika hutapata wa kumuuzia. Ukipokea waraka wa ofa, tafuta kwanza ukurasa unaotaja mwanahisa mkubwa na ahadi aliyoitoa, ndipo usome ule wa bei.